"Simu Yangu Haifanyi Kazi": Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kushika Bisibisi

Mteja anayesema "simu yangu haifanyi kazi" bado hajataja tatizo, ametaja usumbufu alioupata. Maneno hayo hayo huyatumia mwenye simu iliyozima kabisa, mwenye simu inayowaka lakini haisomi laini, aliyeishiwa bando bila kujua, na yule ambaye tachi imegoma upande mmoja. Juu ya hapo, wengi huja na dawa mkononi: "Niwekee betri mpya tu, fundi." Ukiipokea dawa hiyo kabla hujaujua ugonjwa, utafungua simu isiyohitaji kufunguliwa, utaubandua mfuniko uliogandishwa na gundi ya kiwandani, na jioni utamrudishia mtu simu yenye betri mpya na tatizo lile lile.

Kazi ya kwanza ya fundi kwa hiyo ni kutafsiri, maana maneno ya simu mbovu yana maana zaidi ya moja. "Imezima" kwa mmoja ni kwamba imejizima na haiwaki tena. Kwa mwingine kioo kimekuwa cheusi lakini simu bado inaita. Wa tatu simu yake inazima na kuwaka yenyewe, ila ametaja nusu tu ya habari. "Imeganda" au "imestaki" ni habari njema kidogo, kwa sababu angalau picha bado inaonekana. "Haipeleki chaji" nayo ni maradhi matatu tofauti: ukichomeka hakuna alama yoyote, alama ipo lakini asilimia hazipandi, au asilimia zinapanda vizuri kisha zinaporomoka ndani ya saa moja. La kwanza huelekea kwenye tundu la chaji au waya, la pili mara nyingi kwenye chaja dhaifu au saketi ya kuchajia, la tatu kwenye betri. Neno linalosumbua kuliko yote ni "kioo". Mtu anaweza kumaanisha glasi ya juu iliyopasuka, picha iliyopotea, au tachi isiyoitikia, na bei za hivyo vitu hazifanani. Usibishane naye juu ya neno. Muulize: "Picha unaiona? Ukigusa, inakuitikia?"

Swali la kufungulia ni moja, na linajibiwa kwa macho na masikio: "Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, unaona nini na unasikia nini?" Ukiuliza "tatizo ni nini?" utapewa dhana. Ukiuliza "betri imekufa?" utapewa "ndiyo", kwa sababu mtu aliyekwama hukubali jina lolote unalompa.

Kutoka hapo maswali hupangwa kwa gharama. Yaliyo mbele ni yale ambayo mteja anayajibu bila kugusa chochote. Yanafuata anayoweza kuyajaribu mwenyewe akiwa nyumbani, halafu yale yanayohitaji kifaa lakini si kufungua simu, na mwisho kabisa ya mita na bisibisi. Katika kila hatua, chagua swali ambalo jibu lake linaigawa hali mara mbili, upande mmoja ukaweza kuutupa moja kwa moja. Kuuliza toleo la Android kwa mtu ambaye simu yake ni giza totoro ni kupoteza muda wake na wako.

Mawili tu huruka foleni, kwa sababu jibu lake linabadilisha kile ambacho mtu asifanye katika dakika hiyo hiyo. La kwanza ni maji, la pili ni betri iliyovimba. Kwenye maji, namna ya kuuliza ni nusu ya jibu. "Umeiangusha majini?" inasikika kama mashtaka, na mtu hukana. Uliza badala yake: "Siku mbili tatu hizi imepata unyevu wowote, mvua, jasho, chai, bafuni?" Hapo ndipo utasikia kwamba mtoto aliichukua akaenda nayo kwenye ndoo. Ikiwa jibu ni ndiyo, maswali mengine yote yasubiri: isichomekwe chaji, isiwashwe "kujaribu tu". Maji yakiwa yamegusa pini huku umeme unapita, chuma huliwa na kutu ya kijani kwa saa chache, na kazi ya kusafisha inageuka kuwa kazi ya kubadilisha vipuri. Maji ya bahari ni mabaya zaidi, kwani yakikauka yanaacha chumvi, na chumvi hiyo inavuta unyevu tena. Mchele haufiki chini ya vile vifuniko vya chuma kwenye bodi, unachofanya ni kuacha unga ndani ya tundu la chaji. Kama mteja anakana na wewe una shaka, simu nyingi zina kibandiko kidogo cheupe kinachogeuka chekundu kikiguswa na maji. Kwenye iPhone nyingi kinaonekana ukimulika ndani ya tundu la laini.

Kuhusu kuvimba, muulize kama mgongo wa simu umeinuka, au kama simu inayumba ikilazwa mezani. Ikiwa hivyo, isichajiwe, isikandamizwe, na ije kama ilivyo.

Kuna jambo jingine la kuhakikisha mapema, hasa ujumbe unapokuja kwa WhatsApp: anayeandika ndiye mwenye simu? Mtu yuko Maskati au Nairobi, anaandika kwamba simu ya mama yake kijijini haifanyi kazi. Alichokishuhudia yeye ni kwamba akipiga hampati. Hiyo inaweza kuwa simu imekufa, au ina chaji lakini iko kwenye hali ya ndege, au laini haijasajiliwa vizuri ikafungwa, au mnara wa eneo hilo umelala. Kwa hiyo uliza: "Simu yenyewe unayo mkononi sasa?" Kama hanayo, tafuta aliyenayo kabla ya kuendelea na swali la pili.

Sasa tuchukue kisa kimoja tukifuate hadi mwisho. Mama mmoja anauza vitenge, simu yake ni ya Android ya kawaida, tundu la chaji ni lile la USB-C linaloingia pande zote mbili, betri ni ya miliampia 5000. Amefika na sentensi ile ile.

"Fundi, simu yangu haifanyi kazi. Niwekee betri."

"Pole, mama. Ukibonyeza kuwasha, unaona nini?"

"Sioni kitu, mwanangu. Giza."

"Inatetemeka? Inatoa mlio?"

"Hamna."

Hapa mtu mwenye haraka ameshafungua droo ya betri. Lakini giza bado lina maana mbili: simu imekufa, au kioo ndicho kimekufa na simu ni nzima. Swali linalozitenganisha ni rahisi mno: "Kengele yako ya asubuhi leo ililia?" Kengele ikilia, simu ni hai na shida iko kwenye kioo au flekisi yake, ule utepe unaokiunganisha na bodi. Kwa wasiotumia kengele, ipigie namba yake mbele yake na usikilize simu yenyewe, usitegemee sauti ya kwenye simu unayotumia kupiga. Ikiita au kutetemeka huku kioo ni cheusi, umemaliza nusu ya kazi bila kifaa chochote. Ukiambiwa haipatikani, usihukumu bado, maana laini iliyofungwa nayo hutoa jibu hilo. Kwa kioo cha aina ya LCD kuna kipimo kingine cha bure: mulika tochi kwa pembeni juu ya kioo cheusi. Ukiona picha hafifu kama kivuli, kinachokosekana ni taa ya nyuma tu. Kwa vioo vya OLED tochi haikusaidii, kwa sababu havina taa ya nyuma.

Kwa mama yetu kengele haikulia, na namba yake haipatikani. Swali linalofuata ni la historia, nalo liulizwe kwa saa na siku, si kwa "tangu lini" peke yake. "Mara ya mwisho kuitumia ilikuwa saa ngapi, na chaji ilikuwa ngapi?" Anasema jana usiku, ilikuwa imebaki asilimia nne, akaichomeka akalala. Asubuhi akakuta imezima. Basi tumejua kwamba ilizima kwa kuisha chaji, haikuzima ghafla ikiwa imejaa. Betri iliyochoka au bodi yenye shoti kwa kawaida huzima simu ikiwa bado inaonyesha asilimia nyingi. Kilichoshindikana usiku ule ni chaji kuingia.

"Wiki hii ilikuwa inaingiza chaji vizuri?"

"Inaingiza, ila mpaka niulaze waya hivi." Akauonyesha kwa kidole, ukiwa umepinda kushoto.

Hilo ndilo jibu la kisa kizima, na mama hakulitaja mwanzoni kwa sababu kwake halikuwa tatizo. Ameshazoea. Ndiyo maana swali hili huulizwa kwa kitu alichokuwa anakifanya: unaulazaje waya, unaushika, unaubonyeza, unageuza kichwa? Watu husahau kasoro waliyoizoea lakini mikono yao inaikumbuka.

Likabaki swali moja la maneno kabla ya kugusa simu: "Imewahi kufunguliwa?" Si "nani kaiharibu?" Kujua kwamba kuna fundi alipita kabla yako kunakuandaa kwa skrubu zilizopungua, gundi isiyo ya kiwandani, na flekisi iliyobanwa vibaya. Hii haikuwahi kufunguliwa.

Vipimo vya nje vinafuata, na sheria yake ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha waya na kichwa cha chaja pamoja, simu ikiitikia hutajua kilichokuwa kibovu ni kipi, na mteja atanunua vyote viwili. Tumia kwanza waya wako kwenye kichwa chake, kisha kichwa chako. Kati ya chaja na waya weka mita ndogo ya USB, ile inayoonyesha volti na ampia. Kwa simu ya mama, kwa waya wowote na kichwa chochote, mita ilionyesha volti 5.1 na ampia 0.00. Maana yake chaja inatoa umeme lakini simu haiupokei. Ukiusukuma waya kushoto, namba inaruka hadi 0.2 kisha inarudi sifuri.

Kabla ya kulaumu tundu, liangalie kwa tochi. Kichwa cha waya cha USB-C kikiwa kimeingia sawasawa, hakuna chuma chake kinachobaki nje. Hapa kilibaki karibu milimita moja. Chini ya tundu kulikuwa na nyuzi za nguo na vumbi vilivyoshindiliwa na waya kila siku hadi vikawa kama kizibo. Visafishe simu ikiwa imezimwa, kwa kijiti cha meno cha mbao kilichochongwa kiwe chembamba, ukikwangua kwa pembeni. Kile kiulimi cha katikati ndicho chenye pini, usikiegemee. Pini ya chuma au sindano ni marufuku, kwani inagusanisha pini mbili kwa mara moja, na waliojaribu nyumbani ndio wanaofika wakiwa na tundu lililoungua.

Baada ya kutoa kizibo, waya uliingia hadi mwisho ukatoa mlio mdogo wa kubana. Mita ikasoma ampia 0.15. Kioo bado giza. Hapa ndipo watu wengi, mafundi pia, hukata tamaa baada ya dakika tano. Betri ya lithiamu iliyoshuka sana haipewi chaji kubwa mara moja, saketi huilisha kidogo kidogo kwanza hadi volti zipande, na katika muda huo simu inaweza isionyeshe hata alama ya betri. Iache kwa nusu saa. Ya mama ilionyesha alama baada ya kama dakika kumi na mbili, na mita ikaruka hadi ampia 1.4. Ingekuwa imebaki giza licha ya kupokea chaji, hatua ya kufuata ingekuwa kuilazimisha iwake upya: kwa Android nyingi unashikilia kitufe cha kuwasha pamoja na cha kupunguza sauti kwa sekunde kumi hadi ishirini. Kwa iPhone kuanzia ya 8, unabonyeza na kuachia cha kuongeza sauti, unabonyeza na kuachia cha kupunguza, kisha unashikilia cha pembeni hadi alama itokee.

Simu ikawaka, mama akanyoosha mkono aondoke nayo. Bado. Ule waya uliolazwa kushoto unataka swali moja zaidi: geuza kichwa cha waya juu chini uchomeke tena. Upande mmoja mita ilisoma 1.4, upande wa pili ilisoma sifuri. USB-C ina safu mbili za pini, na simu inayochaji upande mmoja tu ina safu moja iliyochakaa au kuliwa. Uchafu ulikuwa tatizo la usiku wa jana, lakini tundu lenyewe limebakiza siku chache. Akielezwa hivyo, na akauona mwenyewe ule mtihani wa kugeuza waya, mteja anaamua kwa akili yake: alipie tundu leo, au aendelee na upande mmoja hadi mwisho wa mwezi. Mama alichagua leo.

Katika simu nyingi za aina hii tundu limekaa kwenye bodi ndogo ya chini, ambayo mafundi wengi huiita sistimu chaji, nayo hubadilishwa nzima bila kuunguza risasi. Bandua mfuniko kwa joto la wastani, chomoa betri kabla ya kitu kingine chochote, fungua skrubu za chini, chomoa flekisi na ule waya mwembamba wa antena. Ukisahau kuurudisha ule waya mwembamba, simu itachaji vizuri na itakosa mtandao, na kesho mama atarudi na sentensi ile ile ya "haifanyi kazi". Kwa vile betri ilikuwa imeshachomolewa, tuliipima kwa mita: volti 3.7 baada ya chaji ya muda mfupi, haijavimba. Betri aliyoililia haikuwa na neno.

Betri ingesoma sifuri kabisa, ingemaanisha saketi yake ya ulinzi imejifunga au seli imekufa, na hapo ndipo pawa saplai hutolewa. Iweke volti 4 na ushikize kwenye soketi ya betri. Ikivuta umeme kabla hujabonyeza kuwasha, kuna shoti kwenye bodi. Ukibonyeza isivute chochote, kitufe, flekisi yake au saketi ya umeme ndiyo ya kutazamwa. Ikipanda ikashuka ikapanda tena kama inayopumua, simu inajaribu kuwaka, na shida yaweza kuwa kwenye programu. Hapo ni mbali sana na kijiti cha meno, na ndiyo sababu swali la waya hutangulia.

Kuhusu programu kuna onyo moja. Simu inayoganda kwenye nembo huwatamanisha mafundi kuifuta yote. Kabla ya hapo uliza mambo mawili: picha na namba zimehifadhiwa mahali pengine, na je, mteja anakumbuka barua pepe na neno la siri la akaunti ya Google iliyomo? Simu za Android zikifutwa kutoka menyu ya uokoaji huomba akaunti ile ile iliyokuwemo, na asiyeikumbuka anaondoka na simu safi isiyofunguka. Neno la siri aliandike mwenyewe kwenye simu, lisiandikwe kwenye karatasi yako wala kwenye ujumbe.

Na kwa simu inayowaka lakini "haifanyi kazi" kwa maana ya mtandao, usifungue chochote kabla ya kuhamisha laini yake kwenye simu nyingine, na laini nyingine kwenye simu yake. Hivyo utajua kilicho kigonjwa ni laini au ni simu. Tanzania unaweza kupiga `*106#` kuangalia usajili wa laini, na `*#06#` inatoa IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, popote ulipo. Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilipozifungia mtandao simu bandia, mafundi walipokea simu nzima kabisa, kioo safi, chaji imejaa, zikiletwa kwa malalamiko ya "imekufa".

Bodi mpya ya mama ilipokaa, kabla ya kubandika mfuniko, waya ulichomekwa pande zote mbili: 1.4 na 1.4. Kisha akapewa simu ampigie binti yake na kuongea kidogo, kwa sababu maiki nayo iko kwenye bodi ile ile ya chini.

"Unanisikia?"

"Nakusikia mama, kumbe simu ilikuwa na nini?"

"Ilikuwa haifanyi kazi."

Kwenye kijikaratasi cha kazi tuliandika: haipokei chaji, upande mmoja 0.00, tundu lilikuwa na uchafu, bodi ya chini imebadilishwa, betri nzima volti 3.7.